Jinsi ya kusahihisha majibu ya maana za methali: kutenga masimulizi na funzo

Ukipewa rundo la karatasi zenye swali "Eleza maana ya methali ifuatayo", nyingi utakuta zinairudia methali ileile kwa maneno mengine. Msahihishaji aliyechoka huzipa alama zote, maana hazina kosa la kuonekana. Aliye mkali huzikata zote, na humohumo huzikata zile mbili tatu zilizofika kwenye funzo kwa njia ya kuzunguka. Nimewahi kuyakuta yote mawili kwenye rundo moja, mwandiko mmoja, kalamu moja: asubuhi alikuwa mpole, jioni mkali.

Hapa tutashika methali moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: *Mgema akisifiwa tembo hulitia maji*. Nyingine zitaingia pale tu ambapo hii haitoshi.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Swali lenyewe lilivyoandikwa, si unavyolikumbuka.
- Mgawo wa alama. Katika mfano huu swali lina alama 4: maana ya nje alama 1, funzo alama 2, mfano wa matumizi alama 1.
- Kamusi ya Kiswahili, hata kama methali unaijua tangu utotoni.
- Penseli ya kukatia maneno na kalamu ya kuwekea alama. Usitumie moja kwa kazi zote mbili. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Karatasi tupu ya kuandikia maamuzi yako kadiri unavyoendelea.

## Hatua ya 1: Soma swali kabla ya jibu lolote

Kuna swali linalosema "Eleza maana ya nje na ya ndani", lingine "Eleza funzo", na lingine linasema tu "Eleza maana". La kwanza linataka masimulizi pamoja na funzo, kwa hiyo anayesimulia picha ya methali ametimiza nusu ya kazi na anastahili alama yake. La pili halina nafasi ya masimulizi kabisa.

La tatu ndilo lenye matata. Likiachwa wazi hivyo, mimi huchukulia kwamba linataka funzo, lakini simkati mtu kwa kuanza na picha. Nasoma tu kuona kama alivuka.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja ni kitu gani kitapata alama na kipi hakitapata.

## Hatua ya 2: Andika jibu lako mwenyewe kwa mistari mitatu

Usifungue karatasi ya mtu kabla ya kuandika yako. Ukianza kusoma majibu ukiwa huna lako, jibu la tatu au la nne lililoandikwa kwa mwandiko mzuri litakuwa ndilo kipimo chako, na hutajua lilianza lini kuwa kipimo.

Picha: Mgema anasifiwa kwa tembo lake. Akishasifiwa, analitia maji. Tembo linaharibika.

Mfupa: Sifa zinakuja juu ya kitu kizuri, kisha zinakuwa sababu ya kitu hichohicho kuharibika.

Funzo: Mtu akisifiwa kwa kazi yake anaweza kulewa sifa, akalegeza bidii au uaminifu, na kazi iliyomletea sifa ikaharibika.

Mstari wa kati ndio wengi huuruka, na ndio unaobeba kazi yote inayofuata. Mfupa ni methali ikiwa imevuliwa mgema, tembo na maji, ikabaki na uhusiano tu: hiki kinaleta kile. Methali nyingi za Kiswahili zina vipande viwili vya namna hiyo, hali na matokeo. Jibu lenye kipande kimoja ni nusu jibu, hata likiwa refu.

## Hatua ya 3: Hakikisha maneno ya methali yenyewe

Hapa kamusi inafanya kazi. Neno *tembo* lina maana mbili: pombe ya mnazi, na ndovu. Kila ninapotoa methali hii hupata angalau karatasi moja yenye mnyama anayemwagiwa maji. Niliwahi kupata moja yenye mwindaji, mto na mkonga, iliyoandikwa kwa ustadi kiasi kwamba niliisoma mara mbili kabla ya kuikata.

Dalili ya maana sahihi imo ndani ya methali yenyewe. Kitenzi ni *hulitia*, si *humtia*. Hicho kiambishi *-li-* kinaonyesha kwamba tembo hapa ni kitu, si mnyama. Angekuwa ndovu tungesema *humtia maji*. Mwonyeshe mwanafunzi herufi hizo mbili. Zitamfaa kuliko mstari mwekundu.

Kuna methali nyingine zenye mtego wa aina hii. *Mchelea mwana kulia hulia yeye*: kuchelea ni kuogopa, wala hakuhusiani na kuchelewa. *Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani*: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo yanakokusanyika maji. Asiyejua maneno hayo hubuni picha, na funzo lake huota juu ya picha ya kubuni.

Onyo: neno likikosewa, usikate funzo moja kwa moja. Kuna mtu ataandika ndovu kwenye maana ya nje, kisha funzo lake liwe sawasawa kwa sababu methali aliwahi kuisikia ikitumika. Anakosa alama 1 ya nje na anapata zake 2 za funzo.

## Hatua ya 4: Kata picha kwa penseli

Hiki ndicho kipimo kikuu. Chukua jibu, kata kwa penseli kila neno lililotoka kwenye picha ya methali, pamoja na kila neno lililowekwa badala yake tu. Kisha soma kilichobaki.

Jibu la kwanza:

> Mgema ni mtu anayegema pombe. Watu wakimsifu kuwa pombe yake ni tamu, yeye huiongeza maji ili iwe nyingi.

Kata mgema, kugema, pombe, tamu, maji. Kinabaki "watu wakimsifu" basi. Haya ni masimulizi matupu. Alama 1 ya nje, sifuri ya funzo. Hakuna ubishi.

Jibu la pili ndilo linalowapita wengi:

> Muuza vinywaji akipongezwa na wateja wake kwa ubora wa kinywaji, huanza kukichanganya na kuharibu ladha yake.

Hakuna mgema, hakuna tembo, hakuna maji. Linasikika kama maelezo, na msahihishaji aliye mbioni atalipa alama 3. Lakini angalia: mgema amekuwa muuza vinywaji, tembo limekuwa kinywaji, kutia maji kumekuwa kuchanganya, kusifiwa kumekuwa kupongezwa. Kila neno lina pacha wake. Mtu amebadilisha nguo za methali bila kuihamisha kutoka ilipokuwa. Ni masimulizi yaleyale, na alama ni ileile 1.

Ndiyo sababu nasema penseli. Ukikata kwa kalamu, utakuwa umeshahukumu kabla hujamaliza kusoma, na karatasi ya aina hii inahitaji kukatwa, kufutwa na kukatwa tena.

Jibu la tatu:

> Methali hii inatufundisha kuwa mgema hafai kusifiwa maana ataharibu tembo.

Usidanganywe na "inatufundisha kuwa". Wanafunzi wamegundua kwamba maneno hayo huwapendeza walimu, basi huyabandika mbele ya chochote. Kinachofuata ndicho cha kupimwa, na hapa kinachofuata ni mgema na tembo. Tahadhari hiyohiyo ni kwa neno "yaani": mara nyingi baada yake huja masimulizi ya pili, mafupi kuliko ya kwanza.

Jibu la nne:

> Mgema akisifiwa hutia tembo lake maji. Vivyo hivyo, mtu anayesifiwa sana kwa kazi yake huweza kujisahau, akaacha bidii, na kazi ikawa mbaya.

Kata sentensi ya kwanza yote. Ya pili haikatiki hata neno, kwa sababu mhusika wake ni "mtu" na kitu chake ni "kazi". Hili limevuka. Alama 1 ya nje na 2 za funzo.

Zipo dalili mbili za haraka zitakazokusaidia mkono ukishazoea. Ya kwanza ni mhusika: funzo kwa kawaida humtaja mtu yeyote, ilhali masimulizi humtaja mwenye kazi fulani. Ya pili ni wakati wa kitenzi. Methali inasema *hulitia*, kwa *hu-* ya mazoea. Jibu likianza na "alisifiwa, akatia, likaharibika", huenda ni hadithi. Lakini hizi ni dalili tu. Hukumu ni penseli.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kupiga mstari chini ya sehemu hasa ya jibu inayobeba funzo. Ukishindwa kuipata ya kupigia mstari, haipo.

### Kipimo hiki kinapokwama

Kuna methali zisizo na picha ya kukata. *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki* inasema jambo lake waziwazi. Ukikata kufaa, dhiki na rafiki, utamkata na aliyejibu vizuri. Kwa methali kama hizi, maana ya nje na funzo hukaa karibu mno, kwa hiyo weka penseli chini na uangalie mfupa peke yake: je, jibu limetaja hali (wakati wa shida), na limetaja matokeo (ndipo urafiki wa kweli hujulikana)? Yote mawili yakiwepo, alama zote. Na ukiwa wewe ndiye mtunga swali, usiweke alama ya "maana ya nje" kwenye methali ya namna hii. Unamlazimisha mtu aseme kitu kimoja mara mbili.

## Hatua ya 5: Hamisha jibu chini ya methali nyingine

Penseli inakamata jibu lililobaki karibu mno na picha. Lililokwenda mbali mno halikamatwi hivyo. Tazama hili:

> Inatufundisha tuwe na tabia njema katika maisha.

Halikatiki neno, maana halina hata neno moja la picha. Sasa lichukue uliweke chini ya *Heshima si utumwa*. Linakaa. Chini ya *Asiyesikia la mkuu huvunjika guu*. Linakaa pia. Jibu linalokaa chini ya methali yoyote halijaeleza hata moja. Sifuri ya funzo, na sioni haya kuandika sifuri hiyo.

Jaribu hivyo kwa jibu la nne hapo juu: "mtu anayesifiwa sana kwa kazi yake huweza kujisahau". Chini ya *Heshima si utumwa* halikai kabisa. Limefungwa kwenye methali yake.

Kuna aina nyingine hapa: anayejibu methali kwa methali. Ameulizwa *Usipoziba ufa utajenga ukuta*, naye anaandika "maana yake ni *mdharau mwiba mguu huota tende*". Amechagua vizuri, mfupa ni mmoja: dogo lililopuuzwa hugeuka kubwa. Lakini hajaeleza, amehamisha swali kutoka kwenye ufa kwenda kwenye mwiba. Mimi simpi alama ya funzo, ila naandika pembeni kwamba uchaguzi wake ni sahihi na namtaka aongeze sentensi moja isiyo na ufa wala mwiba.

## Hatua ya 6: Angalia funzo linaelekea kwa nani

Jibu linaweza kupita vipimo vyote viwili na bado likawa limegeuzwa kichwa chini. Kwa methali yetu:

> Ukitaka mtu afanye kazi vizuri, msifu.

Halina picha, na halikai chini ya methali yoyote tu. Lakini linasema kinyume. Sifuri ya funzo.

Na hili je?

> Tusiwasifu watu.

Hapa msahihishaji lazima ajue methali hii ina milango miwili. Inaweza kumwonya anayesifiwa asilewe sifa, na inaweza kuwaonya wanaosifu wapime maneno yao. Yote mawili yanakubalika, kwani hata katika mazungumzo inatumika kote kuwili. Kosa la jibu hili halipo kwenye mwelekeo, lipo kwenye nusu iliyokosekana: limetoa amri bila kutaja kinachotokea sifa zikizidi. Naipa alama 1 kati ya 2. Angeongeza "kwa sababu sifa nyingi humfanya mtu ajione amefika akaharibu kazi yake", angepata zote.

Usimkate mtu pia kwa sababu aliyoichagua ya mgema kutia maji. Mmoja atasema ni majivuno, mwingine atasema ni tamaa kwa kuwa wateja wameongezeka. Methali haikutaja sababu, imetaja sifa na maji tu.

## Hatua ya 7: Weka alama na uandike swali pembeni

Neno "fafanua" pembeni mwa karatasi halimsaidii aliyesimulia, kwa sababu yeye anaamini ameshafafanua. Atarudi na masimulizi marefu zaidi. Muulize kitu kinachomtoa kwenye picha:

- Kwa jibu la kwanza na la pili: "Mgema huyu ni nani kwa mtu asiyekunywa pombe wala kuiuza?"
- Kwa "tabia njema": "Ni neno gani kwenye methali lililokufanya useme hivi?"
- Kwa "tusiwasifu watu": "Tukiwasifu itakuwaje?"

Kila swali linajibika kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo iliyokosekana.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye karatasi tano za mwanzo

Ukimaliza rundo, chukua tano za kwanza uzipime upya bila kuangalia alama ulizoweka. Mkono hubadilika katikati ya kazi. Ikiwa karatasi mbili kati ya tano zimebadilika alama, rudia robo nzima ya mwanzo.

Ndipo pia pa kumalizia karatasi ulizoziweka kando. Daima huwa zipo. Hii hapa moja:

> Kulikuwa na fundi cherehani hodari. Kila mtu alimsifu mpaka sifa zikampanda kichwani. Akaanza kushona ovyo na wateja wakamkimbia.

Hakutaja mgema, basi alama ya nje hana. Alama 1 ya matumizi anayo bila shaka: ametoka kwenye tembo akaenda kwenye cherehani, na mfupa umebaki mzima. Tatizo ni zile 2 za funzo. Hakuna sentensi inayosema "mtu akisifiwa". Yote ni hadithi, na vitenzi vyote ni vya wakati uliopita.

Kuna wanaompa sifuri hapo kwa hoja kwamba mfano si maelezo. Hoja ina uzito. Lakini chukua penseli ukate picha yake mwenyewe: fundi, cherehani, kushona, wateja. Kinabaki "kila mtu alimsifu mpaka sifa zikampanda kichwani". Hicho ni kipande cha kwanza cha mfupa kikiwa kimetamkwa wazi. Kipande cha pili, kazi kuharibika, kimebaki ndani ya ushonaji. Mimi humpa 1 kati ya 2, jumla 2 kati ya 4, na pembeni namwandikia: "Toa cherehani, useme tena."

Ukiamua sifuri badala ya 1, sitagombana nawe. Ila uamuzi huo uuandike kwenye ile karatasi tupu siku hiyohiyo, kisha uwatafute kwenye rundo wengine wote waliojibu kwa hadithi, na uwape alama ileile.